Kasoro isiyo na jaribio: kusoma jedwali la ufuatiliaji wa mahitaji kwenye mradi mdogo

Mweka hazina wa kikundi kimoja cha VICOBA alinipigia simu jioni moja ya Machi, tukiwa kwenye wiki ya kuijaribu programu ya simu tuliyowatengenezea. "Mwanangu," aliniambia, "huyu mama ana deni la laki mbili na nusu hajalipa hata shilingi. Mbona simu inasema anaweza kuchukua laki tatu nyingine?"

Nilifungua jedwali letu la ufuatiliaji wa mahitaji, yaani mambo ambayo programu inatakiwa kufanya, lile ambalo watu wa kazi hii hupenda kuliita RTM, kifupi cha Requirements Traceability Matrix. Hitaji la kikomo cha mkopo lilikuwa na majaribio manne, yote yamefaulu. Kasoro moja iliwahi kufunguliwa juu yake, ikarekebishwa, ikafungwa. Mstari mzima ulikuwa wa kijani. Na bado programu ilikuwa tayari kumpa mtu mkopo ambao kikundi kisingempa kamwe.

Nataka nieleze jinsi mstari wa kijani na mkopo ule vilivyoweza kuwepo pamoja, kwa sababu hapo ndipo jedwali hili linapoeleweka. Maelezo mengi huishia kusema kwamba ni jedwali lenye mahitaji upande mmoja na majaribio upande mwingine. Ni kweli, lakini anayejua hayo tu atajaza jedwali kwa wiki sita bila kuliuliza swali hata moja.

Mradi wenyewe

Kikundi kilikuwa na wanachama 28. Kila mkutano mwanachama hununua hisa, kuanzia 1 hadi 5, kila moja Sh 5,000. Akiwa na hisa anaweza kukopa hadi mara tatu ya thamani ya hisa zake, akipata wadhamini wawili. Kuna faini za kuchelewa, kuna mfuko wa jamii wa misiba na magonjwa. Yote haya yalikuwa kwenye daftari kubwa la mistari, na kikundi kilitaka yahamie kwenye simu.

Sisi tulikuwa watatu: maprograma wawili, na mimi niliyekuwa nakusanya mahitaji na kupima. Tulianza na mahitaji 18. Hadi wiki ya majaribio tulikuwa na majaribio 41, na mpaka mwisho kasoro 13. Huu ni mradi mdogo kabisa, na lahajedwali la kawaida linautosha. Programu kubwa za kusimamia mahitaji zingetula muda mwingi kuliko kazi yenyewe.

Kila kitu kilipewa namba yake. Mahitaji yalianza na M, majaribio na J, kasoro na K. Namba ikishatolewa haitumiki tena kwa kitu kingine, hata kama hitaji limefutwa, kwa sababu kuna ujumbe wa zamani na karatasi za mkutano zinazoitaja. Na namba zote ziwe na tarakimu tatu: M-001, siyo M-1. Hili la mwisho linaonekana dogo mno kulitaja, lakini lilitugharimu wiki nzima, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Mwanzoni tulikuwa na karatasi moja ya majaribio, na kwenye safu ya tatu tuliandika mahitaji yanayoguswa na kila jaribio, yametenganishwa kwa mkato: "M-4, M-7, M-12". Ili kujua kila hitaji lina majaribio mangapi tuliweka fomula hii:

```
=COUNTIF(Majaribio!C:C, "*"&A2&"*")
```

Zile nyota zinamaanisha "popote neno hili linapotokea ndani ya seli". Sasa, M-1 inatokea ndani ya M-10. Inatokea ndani ya M-11, M-12, mpaka M-18. Hitaji la M-1 lilisema namba ya mwanachama isijirudie, na fomula ikaonyesha lina majaribio 21. Ukweli ni kwamba lilikuwa na sifuri. Hakuna aliyelishuku, kwa sababu namba kubwa haimshtui mtu. Tuligundua siku programu ilipomsajili mwanachama mmoja mara mbili.

Tarakimu tatu zinaondoa mgongano huo, lakini ugonjwa wenyewe ni kuweka orodha ndani ya seli moja. Jaribio moja linaweza kugusa mahitaji mengi, na hitaji moja linaweza kuwa na majaribio mengi. Uhusiano wa namna hiyo haukai vizuri pembeni mwa jaribio wala pembeni mwa hitaji. Unahitaji karatasi yake. Tukatengeneza karatasi ya nne tukaiita Viungo, ambamo kila mstari ni jozi moja tu: hitaji hili, jaribio hili. Majaribio 41 yalitoa mistari 56.

| Hitaji | Jaribio |
|---|---|
| M-007 | J-012 |
| M-007 | J-013 |
| M-007 | J-014 |
| M-004 | J-020 |
| M-007 | J-020 |

Kuanzia hapo hesabu ni nyepesi, na hakuna nyota:

```
=COUNTIF(Viungo!A:A, A2)
```

Ukiiweka kwenye karatasi ya Mahitaji inakuambia kila hitaji lina majaribio mangapi. Ukiigeuza itazame safu ya B na kuiweka kwenye karatasi ya Majaribio, inakuambia kila jaribio linatumikia mahitaji mangapi. Ile picha ya jedwali lenye miraba na alama za vema, ambayo wengi wanaijua kama ndiyo RTM yenyewe, unaweza kuichora kutoka kwenye karatasi hii wakati wowote mtu anapoitaka. Usiijaze kwa mkono.

Kasoro inaungwa na nini?

Hili ndilo swali ambalo watu wengi hulipita haraka. Wengine huunga kasoro na jaribio lililoikamata, kisha wanaliacha jedwali litafute hitaji lenyewe kupitia Viungo. Wengine huunga kasoro moja kwa moja na hitaji. Njia zote mbili, kila moja peke yake, zina tatizo.

Tazama J-020. Hili lilikuwa jaribio la safari nzima: mwanachama ananunua hisa, anakopa, anarejesha, anapata ujumbe mfupi wa kuthibitisha. Liliungwa na mahitaji manne. Siku moja lilishindwa kwa sababu ujumbe mfupi ulifika na jina la mwanachama mwingine. Kama kasoro ile ingeungwa na jaribio tu, jedwali lingepaka nyekundu mahitaji yote manne, pamoja na hisa na mkopo ambavyo havikuwa na shida yoyote. Programa angefungua jedwali asubuhi na kukuta moto umewaka kila mahali.

Ukiunga na hitaji peke yake unapoteza jambo jingine: hutajua kasoro ilionekanaje. Kasoro iliyokamatwa na jaribio na kasoro iliyokamatwa na mweka hazina sebuleni kwake ni habari mbili tofauti kabisa kuhusu kazi yako.

Kwa hiyo kila kasoro iwe na safu mbili: jaribio lililoikamata, na hitaji lililovunjwa. Hitaji moja tu, lile hasa lililovunjwa. Baada ya hapo angalia safu ipi iko wazi.

Zikiwa zimejaa zote mbili, mambo yako kama yanavyopaswa kuwa. K-005 ilikuwa hivyo. Hitaji M-007 lilisema mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya thamani ya hisa zake. Mwanachama wa mfano alikuwa na hisa 20, yaani Sh 100,000, kwa hiyo kikomo chake ni Sh 300,000. J-012 iliomba 300,000 kamili ikakubaliwa. J-014 iliomba 10,000 kwa mtu asiye na hisa hata moja, ikakataliwa. J-013 iliomba 300,001, na programu ikakubali. Programa alikuwa anakata tarakimu tatu za mwisho kabla ya kulinganisha, kwa hiyo hata 300,999 ingepita. Kasoro ikafunguliwa kwa jaribio J-013 na hitaji M-007, ikarekebishwa, jaribio likarudiwa, ikafungwa. Kasoro 8 kati ya zile 13 zilikuwa za aina hii.

Hitaji likiwepo na jaribio likiwa wazi, maana yake mtu ameona programu inavunja jambo lililoandikwa, ila hatukuwa tumelipima. Lile la mwanachama kusajiliwa mara mbili lilikuwa hilo. Hapa kuna mpangilio wa kufuata: andika jaribio kwanza, liendeshe, lione likishindwa, ndipo programa arekebishe. Ukirekebisha kwanza, jaribio utakalolitunga baadaye litafaulu tangu siku ya kwanza, na hutakuwa na uhakika kwamba lina uwezo wa kuikamata kasoro ile. Tulikuwa na mbili za namna hii.

Jaribio likiwepo na hitaji likiwa wazi, basi mpimaji ametunga sheria yake. Niliwahi kufungua kasoro kwamba programu haimfungii mtu anayekosea namba ya siri mara tatu. Programa akaniuliza, nani ameomba hilo? Nilipotafuta hitaji la kuandika kwenye safu, sikulipata. Nilikuwa nimelichukua kutoka kwenye benki na mitandao ya simu nikaliona ni la kawaida. Huenda lilikuwa wazo zuri, lakini halikuwa kasoro. Lilikuwa pendekezo, na pendekezo linapelekwa kwa kikundi. Mabishano mengi kati ya mpimaji na programa hutoka hapa, na seli moja iliyo wazi huyamaliza kwa dakika mbili.

Zinabaki zile ambazo safu zote mbili ziko wazi. Hazina jaribio, hazina hitaji, na bado mtumiaji ana uhakika kwamba programu imekosea. K-008, ya mweka hazina, ilikuwa hiyo. Kulikuwa na nyingine moja kama yake.

K-008

Kishawishi cha kwanza ni kuiandika K-008 chini ya M-007 na kumwambia programa arekebishe. Inahusu kikomo cha mkopo, au siyo? Lakini soma M-007 kama ilivyoandikwa: mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya thamani ya hisa zake. Haisemi chochote kuhusu deni alilo nalo tayari. Mama yule alikuwa na hisa za Sh 100,000, ameomba 300,000, programu ikakubali. Programu ilitii M-007 neno kwa neno. Kumwandikia programa kasoro hapo ni kumwonea, na kubaya zaidi, ni kuficha mahali kosa lilipotokea.

Kosa lilitokea kabla ya hitaji kuandikwa. Kwenye karatasi ya Mahitaji tulikuwa na safu iitwayo Chanzo, inayosema hitaji limetoka wapi: katiba ya kikundi, kikao cha tarehe fulani, au mtu. Kwa M-007 niliandika "mwenyekiti, kikao cha kwanza". Mwenyekiti aliniambia kwa mdomo "mara tatu ya hisa" na mimi nikaandika hivyo hivyo. Yeye alijua, na kila mwanachama alijua, kwamba mara tatu hiyo ni jumla ya madeni yote. Jambo ambalo kila mtu ndani ya kikundi analijua ndilo ambalo hakuna anayekumbuka kumwambia mgeni. Nilipofungua katiba yao, ambayo nilikuwa nayo kwenye simu wiki nne nzima, ibara inayohusu mikopo ilisema wazi kwamba jumla ya madeni ya mwanachama isizidi mara tatu ya hisa zake.

Watafiti Olly Gotel na Anthony Finkelstein waliandika mwaka 1994 kwamba ufuatiliaji una vipande viwili: unaotokea kabla ya hitaji kuandikwa, yaani limetoka kwa nani na kwa sababu gani, na unaotokea baada ya kuandikwa, yaani limekwenda wapi kwenye usanifu, msimbo na majaribio. Walionyesha kwamba shida nyingi zinatokana na kipande cha kwanza, ambacho watu hawakijali. Majedwali mengi ninayoyaona yana safu sita za kipande cha pili na hayana hata moja ya kipande cha kwanza. Yanaweza kuonyesha kwamba tumejenga tulichoandika. Hayawezi kuonyesha kwamba tuliandika tulichoambiwa.

Tulifanya hivi. M-007 ikawa toleo la 2: kiasi anachoweza kukopa mwanachama ni mara tatu ya thamani ya hisa zake, ukitoa salio la mikopo yake yote ambayo hajamaliza kulipa. Chanzo kikabadilishwa kuwa ibara ya katiba. Tukaandika J-042: mwanachama mwenye hisa za Sh 100,000 na deni la 250,000 aombe 50,000, akubaliwe, na akiomba 50,001 badala yake, akataliwe. Tukaiendesha, ikashindwa kama tulivyotarajia. K-008 sasa ikapata hitaji lake na jaribio lake, ila kwenye maelezo yake tukaacha maneno "hitaji lilikosekana", ili historia isifutike.

Kisha nikapitia mahitaji yote ambayo Chanzo chake kilikuwa mtu peke yake bila katiba wala muhtasari wa kikao. Yalikuwa sita. Mawili kati yake yalikuwa na upungufu wa namna ile ile, na tuliyakamata kabla mtu hajapiga simu.

Kijani kilichopitwa na wakati

M-007 ilipobadilika tarehe 18 Machi, majaribio J-012, J-013 na J-014 yalikuwa yameendeshwa mara ya mwisho tarehe 12. Yalikuwa bado yanasoma "yamefaulu". Yamefaulu kwa hitaji lipi? Kwa lile la zamani. Jedwali la kawaida halijui tofauti, kwa sababu linahifadhi matokeo bila kuhifadhi yalipatikana lini dhidi ya toleo gani.

Dawa yake ni tarehe mbili. Kwenye Mahitaji weka tarehe hitaji lilipobadilishwa mara ya mwisho. Kwenye Majaribio weka tarehe jaribio lilipoendeshwa mara ya mwisho. Kwenye Viungo zivute zote mbili kwenye safu za C na D, kisha zilinganishe:

```
=XLOOKUP(A2, Mahitaji!A:A, Mahitaji!D:D)
=XLOOKUP(B2, Majaribio!A:A, Majaribio!D:D)
=IF(D2<=C2, "SHAKA", "SAWA")
```

Neno SHAKA halisemi kwamba jaribio limeshindwa. Linasema matokeo yake hayaaminiki tena mpaka liendeshwe upya, au mpaka mtu alisome na kuthibitisha kwamba badiliko halikuligusa. Nimetumia "ndogo kuliko au sawa" kwa makusudi. Hitaji likibadilika saa nne asubuhi na jaribio likawa limeendeshwa saa tatu siku hiyo hiyo, tarehe zitalingana, na ukiweka "ndogo kuliko" peke yake litaonekana salama. Afadhali kurudia jaribio moja bure. Fomula hii inakamata pia jaribio ambalo halijawahi kuendeshwa, kwa kuwa seli tupu inahesabiwa kama tarehe ya zamani kabisa.

Siku ile ya tarehe 18 SHAKA ilitokea kwenye viungo vinne vya zamani: vile vitatu, na J-020 ya safari nzima ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa kwamba inagusa mkopo. J-012 hadi J-014 zilifaulu tena. J-020 ilishindwa, kwa sababu mwanachama wake wa mfano alikuwa anachukua mkopo wa pili kabla ya kumaliza wa kwanza. Hapo jaribio ndilo lililokosea, programu ilikuwa sahihi.

Kwa upande wa msimbo tuliishia kwenye jambo moja tu: kila programa anapohifadhi kazi yake kwenye git, programu inayotunza historia ya msimbo, anataja namba ya hitaji au kasoro kwenye ujumbe wa kuhifadhi.

```
git commit -m "M-007 K-008: kikomo kitoe salio la mikopo"
git log --oneline --grep="M-007"
```

Amri ya pili inaorodhesha kila badiliko ambalo ujumbe wake unalitaja hitaji lile. Kwenye mradi wa watu watatu hiyo inatosha. Nimeona watu wakijaribu kuunga kila hitaji na kila faili na kila kipengele cha msimbo kwa mkono. Baada ya wiki mbili viungo vyao vinakuwa vimepitwa, na jedwali lenye viungo vilivyopitwa linaaminika kimakosa.

Kusoma kurudi nyuma

Mpaka hapa tumesoma kutoka hitaji kwenda jaribio. Ukisoma kinyume, kutoka kwenye kitu kilichopo kurudi kwenye hitaji lake, unapata swali jingine: hiki kipo kwa ajili ya nani? Sisi tulikuwa na J-027, iliyopima kitufe cha kutoa ripoti ya PDF. Hesabu yake kwenye Viungo ilikuwa sifuri. Programa mmoja aliona kitafaa, akakiweka, nami nikakikuta nikakipima. Hakuna aliyekiomba. Tuliwaonyesha wanakikundi, wakasema ripoti wanaibandika ukutani kwa mkono na hawana printa, tukakiondoa.

Kitufe cha ziada kinaonekana hakina madhara. Mfano unaonishawishi zaidi ni roketi ya Ariane 5, iliyorushwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, tarehe 4 Juni 1996. Takriban sekunde 40 baada ya kuanza safari iliharibika angani. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba mfumo wa kupima mwelekeo na mwendo ulikuwa umechukuliwa kutoka Ariane 4, pamoja na kipande cha programu cha kuusawazisha mfumo huo ambacho kiliendelea kufanya kazi hata baada ya roketi kupaa. Kwenye Ariane 4 kulikuwa na sababu ya kukiacha kifanye hivyo. Kwenye Ariane 5 hakukuwa na hitaji lolote lililokidai. Kipande hicho kilipokea namba iliyotokana na mwendo wa mlalo, ambao kwa Ariane 5 ulikuwa mkubwa zaidi, kikajaribu kuiingiza kwenye nafasi ya biti 16, haikuenea, na mfumo ukazimika. Wa akiba ulikuwa na programu ile ile na ulizimika vile vile.

Ndani ya ripoti ile kuna jambo la pili ambalo hutajwa mara chache: njia halisi ya Ariane 5 angani haikuwekwa kwenye mahitaji ya mfumo ule wa vipimo. Kwa hiyo kulikuwa na msimbo usio na hitaji, na hali halisi isiyo na hitaji, na vyote viwili vikakutana. Cha pili ni ndugu wa K-008 yetu.

Mahali jedwali linapofika mwisho wake

Jedwali linahesabu viungo. Halipimi kina cha jaribio. M-009 yetu ilisema mkopo utolewe tu kama wadhamini wawili wamekubali. Ilikuwa na jaribio moja, J-017: wadhamini wawili wanakubali, mkopo unatolewa. Likafaulu. Asilimia ya mahitaji yenye majaribio ilipanda kwa hitaji moja. Lakini programu ambayo ingetoa mkopo bila kumuuliza mdhamini yeyote nayo ingelifaulu jaribio hilo.

Nilianza kutazama maneno ya hitaji lenyewe. Lenye neno "tu", "isipokuwa", "hadi", "kati ya" au "isizidi" linaweka mpaka, na mpaka hauthibitiki mpaka umejaribu kuuvuka ukazuiwa. Nikaongeza safu moja kwenye Majaribio inayosema kama jaribio ni la kukubaliwa au la kukataliwa, kisha nikatafuta mahitaji yenye maneno hayo ambayo hayana jaribio hata moja la kukataliwa. Yalikuwa manne. M-009 ilipata jaribio la mdhamini mmoja kukataa, na lilishindwa.

Kuna pia mstari unaobaki mtupu kwa sababu hakuna anayeweza kuujaza. M-018 ilisema programu ifanye kazi vizuri kwenye mtandao hafifu. Nilikaa nayo siku mbili nikitafuta jaribio. Hafifu kiasi gani? Vizuri ni nini? Seli ile tupu haikutokana na uvivu, hitaji ndilo lilikuwa halipimiki. Tulirudi kwa kikundi kuuliza wanaogopa nini hasa, wakasema wanaogopa malipo kupotea wakiwa mkutanoni mahali ambapo simu hazishiki. M-018 ikaandikwa upya: malipo yaliyoandikwa bila mtandao yabaki kwenye simu na yatumwe mara mtandao ukirudi, bila kurudiwa mara mbili. Majaribio matatu yalipatikana siku hiyo hiyo.

Kulitunza jedwali kulichukua kama robo saa kila jioni. Nililigusa kwa mambo matatu tu: hitaji limebadilika, jaribio limeendeshwa, kasoro imefunguliwa au kufungwa. Jioni tuliyoiruka ilitugharimu saa nzima siku iliyofuata, kwa sababu kila mtu alikumbuka kivyake.

Siku ya kukabidhi sikuwaonyesha wanakikundi jedwali. Niliwasomea mistari miwili tu iliyokuwa bado nyekundu. Mmoja ulikuwa M-016, wa kugawana faida mwisho wa mzunguko, wenye kasoro ya shilingi chache kupotea kwenye kugawanya. Mwingine ulikuwa wa ujumbe mfupi kuchelewa. Waliamua la ujumbe lisubiri, na la mgao lirekebishwe kabla ya Desemba, kwa sababu hawagawani chochote kabla ya hapo. Mweka hazina akaomba namba ya kasoro ile ya mgao, akaiandika kwenye jalada la daftari lake la zamani: K-011.